Mteja wa Bukavu na Mwaka Wake wa Kuzaliwa

Tangu vijana wa Kenya walipoingia barabarani Juni 2024 kuupinga Muswada wa Fedha, jina la Kizazi Z limesambaa Afrika Mashariki yote. Bukavu nayo haikuachwa nyuma. Jina hilo linasikika redioni, kwenye semina za ujasiriamali na katika mikutano ya mashirika, na kila anayelitamka analipa maana yake. Mmoja anakusudia umri, mwingine tabia ya kutumia simu, wa tatu msimamo wa kisiasa. Mwenye duka Nyawera anashauriwa alenge Kizazi Z, na taasisi ya mikopo midogo Ibanda inaambiwa kwamba wazee hawataki teknolojia. Ushauri huo unatolewa kwa uhakika mkubwa, ingawa mara nyingi mtoaji wake hajasema ameupimaje.

Swali lililo chini ya mkanganyiko huo ni la kitaalamu, na lina uzito kwa yeyote anayetumia fedha kuwafikia watu: je, rika, yaani watu waliozaliwa katika kipindi kimoja, ni msingi mzuri wa kuligawa soko? Na ni wakati gani mgawanyo huo unaacha kuwa uchambuzi na kuwa fikra mgando, yaani kumhukumu mtu kwa sura ya kundi lake?

Majina yalikotoka

Mwaka 1928 mwanasosholojia Karl Mannheim alichapisha insha kuhusu tatizo la vizazi. Hoja yake ilikuwa kwamba kuzaliwa mwaka mmoja kunawapa watu nafasi ya kuishi mambo yanayofanana, lakini hakutoshi kuwafanya kizazi. Ili wawe kizazi, lazima wapitie tukio kubwa wakiwa bado vijana, wakati mawazo yao yanapoumbika. Hata baada ya hapo wanagawanyika, kwa sababu watu wawili wanaweza kupita katika tukio moja na kutoka na mafunzo yanayopingana.

Majina yanayotumika leo yalichukua njia nyingine. Marekani, waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 waliitwa Bebi Buma kwa sababu watoto waliongezeka ghafla baada ya vita, kisha uzazi ukashuka. Walifuatiwa na Kizazi X, Wamilenia na Kizazi Z. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwaweka Wamilenia kati ya 1981 na 1996, na Kizazi Z kuanzia 1997. Kampuni za matangazo zilipenda mipaka hiyo kwa sababu ni rahisi kukumbuka, na tarehe ya kuzaliwa ni taarifa ambayo karibu kila fomu inaiuliza.

Tatizo la kwanza linajitokeza hapo hapo, mara mipaka hiyo inapohamishiwa Kivu. Kongo haikuwa na uvimbe wa watoto wa baada ya vita uliofuatiwa na mteremko. Uzazi uliendelea kuwa juu, na utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 bado ulikuta wastani wa watoto zaidi ya sita kwa kila mwanamke. Idadi ya watu hapa ina kitako kipana kinachozidi kupanuka, kwa hiyo kundi la Bebi Buma halina pa kushika. Tena sensa ya mwisho ya taifa ilifanyika mwaka 1984. Mtu anayetaja ukubwa wa Kizazi Z cha Bukavu anategemea makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio.

Wanaoutetea mgawanyo wa rika

Hata hivyo, watetezi wa rika wana hoja ya kusikilizwa. Nguvu yake iko katika wazo la ujana kama kipindi cha kuumbika. Watafiti wa masoko wanaofuata njia hii huangalia hasa miaka ya mwanzo ya utu uzima, takriban kati ya 17 na 23, kwa sababu ndipo mtu anapoanza kushika pesa yake na kuamua nani wa kumwamini.

Ushahidi upo. Mwaka 2011 wanauchumi Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walionyesha, kwa takwimu za Marekani, kwamba watu waliowahi kuishi kipindi kirefu cha soko baya la hisa waliogopa zaidi kuwekeza katika hisa miaka mingi baadaye. Uzoefu ulibaki ndani ya uamuzi hata mazingira yalipobadilika.

Ukiuleta mtazamo huo Bukavu, historia inatoa alama kali kuliko za nchi nyingi. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilizifuta ghafla noti za zaire 5 na 10, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha kiasi kidogo. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Aliyeweka akiba yake benki au kwenye koopeki mwanzoni mwa muongo huo alikuta jina lake bado limo daftarini huku thamani ikiwa imeyeyuka. Katikati ya hayo, Julai 1994 mji ulipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda, mwishoni mwa Oktoba 1996 ukatekwa na AFDL, na kuanzia Agosti 1998 ukawa chini ya RCD.

Mtu aliyezaliwa kati ya 1967 na 1981 alipita ujana wake wa mwanzo akiwa ndani ya miaka hiyo ya 1990 hadi 1998. Anayesema kwamba mtu huyo anaiona benki kwa jicho tofauti na la mjukuu wake hajakosea kuuliza. Na pale sera inapokata kwa umri, rika hutokea karibu lenyewe: watoto walioanza shule ya msingi baada ya elimu hiyo kutangazwa kuwa bure mwaka 2019 wako katika hali tofauti na wale ambao wazazi wao walimlipa mwalimu prime kila mwezi.

Wanaoupinga

Wapinzani hawakatai kwamba historia inawaumba watu. Wanachokataa ni madai kwamba mwaka wa kuzaliwa unaweza kuonyesha peke yake kazi ya historia. Hoja yao nzito ni ya hesabu.

Tuseme uchunguzi umefanyika Bukavu mwaka 2025 na kukuta kwamba wenye miaka 24 wanatuma pesa kwa simu mara nyingi kuliko wenye miaka 54. Kuna maelezo matatu. La kwanza ni athari ya umri: kijana ana safari nyingi na miamala midogo midogo, na akifika 54 atakuwa kama mzazi wake. La pili ni athari ya rika: aliyezaliwa 2001 alikuta simu tayari mjini, kwa hiyo ataendelea na tabia hiyo hata uzeeni. La tatu ni athari ya kipindi: kuna jambo la mwaka huo lililowasukuma watu wote, ila limewagusa zaidi vijana kwa sasa.

Uchunguzi wa mwaka mmoja hauwezi kuyatenganisha. Hata ukirudiwa miaka mingi kuna kizuizi, kwa kuwa mwaka wa uchunguzi ukitoa umri unapata mwaka wa kuzaliwa. Ukijua viwili, cha tatu kimeshajulikana. Hakuna kanuni ya takwimu inayoweza kuvitenganisha bila mtafiti kuongeza dhana yake kutoka nje, na dhana hiyo ndiyo mara nyingi inayoamua jibu.

Ndiyo maana mwaka 2021 mwanasosholojia Philip Cohen aliiandikia Pew barua ya wazi, iliyotiwa saini na zaidi ya wanasayansi 150 wa jamii na wa idadi ya watu, akikitaka kituo hicho kiache kuyatumia majina ya vizazi. Mwaka 2023 Pew ilitangaza kwamba itapunguza matumizi yake, na kwamba inapolinganisha vizazi itajitahidi kuwalinganisha watu walipokuwa na umri uleule. Mwaka 2020 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilikuwa limeshachunguza suala hilo kazini na kuona kwamba ushahidi wa kuwasimamia wafanyakazi kwa vizazi vyao ni dhaifu.

Bukavu inaongeza ugumu wa pili, yaani tarehe yenyewe. Wakubwa wengi wana vyeti vilivyoandikwa kwa Kifaransa kwamba wamezaliwa karibu na mwaka fulani, bila siku wala mwezi. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo kitambulisho cha kila siku, hubeba tarehe aliyoitaja mwenyewe. Kumtenga aliyezaliwa 1980 na aliyezaliwa 1981 kwa msingi huo ni kuchora mstari mwembamba kwa kalamu nene.

Dola mfukoni: kesi ya kupimia

Ubishi huu unaweza kupimwa kwa jambo ambalo kila mkazi wa Bukavu analijua. Kambisti wa barabarani huipokea dola, huinyoosha, huiangalia kwenye mwanga na kuikagua kingo. Noti yenye mpasuko mdogo kabisa hurudishwa, au mwenyewe anakubali kuiuza kwa hasara. Kitendo hicho kinafanywa kwa uangalifu uleule na mama wa miaka 60 na mwanafunzi wa miaka 20.

Nadharia ya rika ingetabiri vingine. Ingesema waliozaliwa kati ya 1967 na 1981, walioiona zaire ikifa mikononi mwao, ndio wanaoshikilia dola, na kwamba waliozaliwa baada ya 2000, ambao hawajawahi kutumia sarafu nyingine ya taifa isipokuwa faranga ya Kongo, wanaiamini zaidi. Hali ilivyo haifuati utabiri huo. Kodi ya nyumba Nguba hutajwa kwa dola, kiwanja huuzwa kwa dola, ada ya chuo kikuu huhesabiwa kwa dola, na sehemu kubwa mno ya akiba zilizo katika benki za Kongo iko katika fedha za kigeni. Mwanafunzi anatafuta dola kwa sababu anayemdai anataka dola. Kumbukumbu ya 1993 haimhusu.

Kwa hiyo matumizi ya dola ni athari ya kipindi iliyojengwa ndani ya soko. Tukio la zamani lilianzisha tabia, kisha tabia ikageuka kanuni inayomfunga kila anayeingia. Kampuni itakayotangaza akaunti ya dola kwa wazee na ya faranga kwa vijana itakuwa imekosea pande zote mbili.

Pesa ya simu inaelekea upande huohuo. M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka 2012, na wakati huo ilikuwa rahisi kuiita bidhaa ya vijana. Kisha Februari 2025 M23 ikaingia Bukavu na benki zikafunga milango. Mwalimu mstaafu, muuguzi, mfanyabiashara wa Kadutu na mwanafunzi walijikuta wakitegemea njia moja, yaani wakala wa Airtel Money au M-Pesa, pamoja na shida ya kupata noti zenyewe. Aliyesema kwamba wazee hawataki teknolojia alikuwa amepima ukosefu wa sababu na kuuita tabia.

Je, hakuna mabaki yoyote ya rika? Huenda yapo, na yanapaswa kutafutwa mahali pake, kwenye imani kwa taasisi inayotunza akiba. Watu wengi wa Bukavu huweka akiba kwenye likelemba au kwenye muso, ambako wanachama wanajuana na sanduku liko karibu. Kwa mtu aliyepoteza akiba miaka ya 1990, uchaguzi huo unaweza kuwa kovu la rika. Kwa kijana, unaweza kuwa ni kukosa dhamana ambayo benki inaidai. Kitendo kinafanana, lakini sababu zinatofautiana, na bidhaa itakayomfaa mmoja haitamfaa mwingine.

Njia ya kupambanua ni kulinganisha watu wa umri mmoja. Wachukuliwe watu waliozaliwa karibu na 1970, waulizwe kama wao au wazazi wao walikuwa na akiba benki au kwenye koopeki kabla ya 1993. Ikiwa wasioiamini benki ni hasa wale waliopoteza, basi uzoefu ndio chanzo, na ndio unaostahili kuwa msingi wa mgawanyo. Ikiwa waliopoteza na wasiopoteza wanafanana, maelezo ya kovu yanaanguka.

Rika moja, maisha mengi

Onyo la Mannheim kuhusu mgawanyiko wa ndani lina uzito wa pekee Kivu Kusini. Waliozaliwa 1985 walikuwa na miaka 11 AFDL ilipoingia mjini. Mmoja aliendelea na masomo katika Koleji Alfajiri ya Wajesuiti. Mwingine alikuwa Shabunda wakati vita vilipoifunga njia ya kutoka, akafika Bukavu akiwa mkubwa bila cheti. Wa tatu, msichana wa Kadutu, alianza kuvuka Ruzizi akiwa na bidhaa kichwani hadi Kamembe kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Leo wote wako katika kisanduku cha Wamilenia. Uwezo wao wa kusoma mkataba wa mkopo, mtaji wao na sababu zao za kuogopa deni hazikaribiani.

Mahali hapo ndipo fikra mgando inapoingia. Huingia kwa ngazi, na kila ngazi inaonekana ndogo. Kwanza wastani wa makundi mawili unatofautiana. Kisha tofauti hiyo inapewa jina. Halafu jina linageuka maelezo, na mwisho mtu mmoja anahukumiwa kwalo kabla hajasema neno.

Hasara yake inaweza kuonekana kwa hesabu ya mfano. Taasisi ya mikopo ina wateja 100 vijana na 100 wenye zaidi ya miaka 50. Tuseme vijana 60 wangependa mkopo wa simu, na wakubwa 45. Tofauti ya 15 ni ya kweli na inatosha kumfanya meneja aseme mkopo wa simu ni wa vijana. Akiwalenga vijana peke yao, ujumbe wake unawafikia 40 wasiouhitaji na kuwakosa 45 wanaouhitaji. Katika wateja 105 wanaotaka bidhaa hiyo, zaidi ya wanne katika kila kumi wamefungiwa mlango. Orodha ya wanaofanya miamala ya simu mara kadhaa kwa wiki, bila kutazama umri, ingeweza kumfikisha karibu zaidi na anaowatafuta, na taarifa hiyo kampuni ya simu tayari inayo.

Hasara nyingine haionekani katika vitabu vya mauzo. Tangazo la kazi linaloweka kikomo cha miaka 35 kwa sababu wakubwa hawajui kompyuta linamwondoa anayeijua kabla hajajaribiwa. Na kijana wa Bukavu anayeitwa mtoto wa vita anapewa sura ya mtu wa hasira na haraka, asiyekopesheka. Afisa wa mikopo akiiamini sura hiyo, atamdai dhamana kubwa zaidi, kijana atashindwa kuitoa, na takwimu za mwaka unaofuata zitaonyesha kwamba vijana hawarejeshi mikopo kwa sababu wachache walioipata walipewa kwa masharti mabaya. Dhana imejitengenezea ushahidi wake.

Kupima uzito wa pande mbili

Mgawanyo wa rika una faida tatu za kweli. Ni rahisi, unamlazimisha mtu wa masoko aisome historia ya wateja wake, na unaweza kueleza kwa nini kundi fulani linakataa kitu ambacho kwa hesabu kingelifaa. Gharama yake ni kwamba unachanganya sababu tatu, unazika tofauti za ndani ambazo mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya makundi, na ukikosea, makosa yanawaangukia watu kwa jambo wasiloweza kulibadilisha.

Mgawanyo wa tabia na mahitaji una upungufu wake. Unaonyesha nani anafanya nini, lakini haumwambii mtu kwa nini. Orodha ya miamala haitafichua kwamba mama wa Panzi anatoa pesa yote siku hiyohiyo kwa sababu ya jambo lililompata mwaka 1993. Tena inawasahau wasiokuwa na simu, ambao pengine ndio walio na haja kubwa zaidi.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa Bukavu ni kuanza na tabia na haja, kisha kulileta rika kama dhana ya kupimwa pale tu ambapo kuna tukio linalotajika. Mipaka itoke kwenye tukio hilo, si kwenye kalenda ya Marekani. Watafiti wa idadi ya watu katika nchi zenye vyeti vichache wamezoea kutumia kalenda ya matukio ya mahali, na njia hiyo inafaa hapa. Mtu asiyejua mwaka wake anajua kama alikuwa ameshaolewa AFDL ilipofika, au kama alikuwa bado mwanafunzi tetemeko la 3 Februari 2008 lilipoutikisa mji. Swali hilo linatoa umri na uzoefu kwa pamoja.

Kwa muhtasari

Majina ya vizazi yaliyotoka Marekani hayana msingi wa kidemografia Kivu Kusini, na mipaka yake inategemea tarehe ambazo wengi hawana. Dola na pesa ya simu, mifano miwili inayotajwa sana kama tofauti za vizazi, inaeleweka vizuri zaidi kama athari ya kipindi inayowagusa wote. Imani kwa benki ndiyo sehemu ambako rika linaweza kuwa na kazi, mradi lipimwe kwa kulinganisha watu wa umri mmoja wenye uzoefu tofauti. Fikra mgando huanza pale wastani unapotumiwa kumwamulia mtu mmoja mkopo au kazi.

Waliokuwa na miaka 17 hadi 23 benki zilipofungwa mwaka 2025, yaani waliozaliwa takriban kati ya 2002 na 2008, wanaweza kuwa rika la kweli la kifedha, au wanaweza kurudi kwenye benki kama wengine mara milango ikifunguka. Taasisi inayotaka kulijua hilo inapaswa kuanza sasa kuandika nani alipoteza nini, na kuwauliza watu haohao tena baada ya miaka 5 na 10. Bila kumbukumbu hizo, mjadala wa 2035 kuhusu wateja hawa utarudia makisio yaleyale chini ya jina jipya.